Jibu kwa Mama Shamim kuhusu ombi la mkopo

Asalam aleikum ndugu zangu wa kikundi chetu cha akiba, habari za jioni hapo Kisenyi.

Mama Shamim, pole sana dada yangu. Kabla ya kuandika hapa nilikupigia nisikie sauti yako, maana simu huibwa, kisha mwizi akaomba pesa kwa jina la mwenyewe. Ni wewe, na shida ni ya kweli: karo ya muhula wa tatu, na kijana yuko mwaka wa mtihani.

Niwie radhi, hiyo 50,000 uliyomwomba kila mtu mimi sitaweza kukukopesha. Sikwambii ungoje mwezi ujao, kwani ukiningoja utachelewa kutafuta kwingine.

Na kama mweka hazina, naomba tusianze kutumiana pesa humu. Tuko 26. Sisi 25 tukitoa 50,000 kila mmoja inafika 1,250,000, lakini hayo ni madeni 25, kila moja na tarehe yake, na hakuna hata moja kwenye daftari. Ada ya kutuma, ada ya kutoa na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu tungezivumilia. Kinachoumiza ni mmoja kukukumbusha deni humu, wote wakasoma. Hapo mtu huanza kukosa vikao kwa kuona haya, hisa zake zinasimama, mwisho anatoka. Tena yupo ambaye leo hana hata elfu kumi. Akiona wenzake wanaandika "nimetuma", atakwenda kukopa ili asionekane mchoyo. Asiyetoa asiulizwe.

Kikao ni Jumamosi saa tisa alasiri. Katiba yetu inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 5 kwa mwezi, ulipe ndani ya miezi mitatu. Njoo na kitabu chako cha hisa na wadhamini wawili wasio na deni. Wenye funguo tatu za sanduku nimeshawaomba wafike mapema, maana ukikosekana ufunguo mmoja tu hakuna anayekopa siku hiyo. Mfuko wetu wa jamii nao hutoa hadi 100,000 bila riba, kikao kikikubali.

Kesho asubuhi nenda kwa mhasibu wa shule, umwombe apokee nusu sasa na nusu katikati ya muhula, na akuandikie. Ukiipata karatasi hiyo, kopa ile nusu tu, na riba itapungua hivyo hivyo. Tafadhali usimwachie mkopeshaji yeyote kitambulisho chako cha taifa kama rehani. Kanuni zinamkataza kukichukua, na laini yako ikipotea utakihitaji ili urudishiwe namba.

Nipo kibandani kesho hadi saa kumi na mbili jioni. Pitia na kitabu chako tujaze fomu, na mengine nipigie tuongee wawili.