Mswada wa video: Taratibu, kobe wa shule yetu

Dakika 1. Itaonyeshwa kwa darasa la kwanza siku ya kufungua shule. Sauti ya Taratibu aitoe mtoto wa darasa la sita, si mtu mzima anayebana pua.

ONYESHO LA 1. Uwanja wa shule, Unguja, asubuhi. Chini ya mkungu pana jiwe kubwa la duara. Nyuma yake bahari, na kisiwa cha Changuu kwa mbali. Kimya. Jiwe linapiga chafya.

SAUTI: Chyaa! Samahani. Vumbi la chaki.

(Shingo inachomoza. Tunachora fremu 12 kwa sekunde. Hapa zitumike 30 nzima. Mchoraji usiharakishe, kichekesho chote kimo humo. Macho yanapepesa, la kushoto likichelewa kidogo.)

TARATIBU: Asalaam alaykum! Mimi si jiwe, mimi ni kobe. Jina langu Taratibu. Unaiona namba hii?

(Anageuza gamba: 6 ya rangi ya buluu, kama kobe wa Changuu wanavyoandikwa umri mgongoni.)

TARATIBU: Miaka sita, kama wewe! Mababu zangu wako kule Changuu. Walitoka Shelisheli kwa meli mwaka 1919, na mpaka leo hawajamaliza mchicha wao.

ONYESHO LA 2. Kengele. Watoto wanampita mbio, vumbi tupu.

MTOTO: Taratibu, utachelewa!

(Mwendo wake ni michoro minne tu inayorudiwa: mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume. Gamba linapanda na kushuka kama ngalawa.

Picha inakatika ghafla. Darasani. Watoto wanaingia wakihema. Taratibu ameketi dawati la mbele, daftari wazi.)

TARATIBU: Taratibu... nimeshafika!

MTOTO: Umefikaje?

TARATIBU: Nimetoka nyumbani jana.

ONYESHO LA 3. Ubaoni: BA.

MWALIMU: Taratibu, hapa pameandikwa nini?

(Pop! Kichwa na miguu vyote ndani. Gamba linatikisika mara moja. Sekunde tatu bila muziki. Mwalimu anangoja, hakunji uso.)

SAUTI KUTOKA GAMBANI: Nafikiri, mwalimu.

(Pua inatoka. Kisha jicho.)

TARATIBU: Ba! Ba ya babu!

(Watoto wanapiga makofi. Taratibu anainua mguu mmoja kupunga, anayumba, anaushusha. Kamera inasogea dawati la pili: mtoto mgeni wa kike, amejificha nyuma ya mkoba, ushungi umemshukia mpaka kwenye nyusi. Taratibu anamnyooshea shingo, fremu 30 zilezile.)

TARATIBU (kwa kunong'ona): Kumbe na wewe una gamba?

(Mkoba unashuka kidogo. Jicho moja. Halafu la pili, limechelewa.)

MTOTO MGENI: Taratibu... nimeshafika.

(Picha inabaki hapo sekunde mbili. Chafya ndogo kutoka nyuma ya mkoba. Giza.)