Akaunti Ina Jina Moja

Mchezo mfupi wa simu. Sekunde 58. Skripti ya kupigia picha.

Mahali: uani kwa mkulima wa korosho, Tandahimba, Mtwara.
Wakati: mwanzoni mwa Novemba, saa kumi jioni, minada ikiwa imeshaanza.
Picha: simu iliyosimama wima, mwanga wa jua, hakuna taa.

WAHUSIKA

RASHIDI, miaka 42. Si mlevi wala mkatili. Ni mtu aliyeamka alfajiri miezi yote ya mashamba na sasa anataka kitu kimoja cha kumfurahisha. Mchezaji akimfanya mbaya, mchezo umekufa, maana baba atakayetazama nyumbani atasema "huyo si mimi" na kuendelea na yake.

ZAINABU, mkewe, miaka 37. Hapazi sauti hata mara moja.

SOMOE, binti yao, miaka 14. Amemaliza darasa la saba Septemba, anatarajia kuingia kidato cha kwanza Januari. Ndiye anayejua kuandika vizuri zaidi pale nyumbani, kwa hiyo daftari la mizani analitunza yeye.

BIBI FATU, mama yake Rashidi, miaka 70 na kitu. Miguu haimbebi tena.

VIFAA

Turubai lenye korosho zilizoanikwa. Korosho ziwe za kweli, na pembeni pawe na mabibo machache yaliyokwisha kunyofolewa, ili mtu wa Newala au Masasi asicheke. Mizani ya kuning'iniza. Daftari la kurasa 96 lililochakaa kwenye kona. Simu yenye kioo kilichopasuka kidogo. Kigoda kimoja tu, na ni cha Rashidi. Wengine wote wako chini.

KABLA YA KUANZA

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, korosho zinapita chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, na hela inarudi kwenye akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Mfumo huo umempa mkulima risiti na mizani inayoonekana. Lakini ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu moja, kwa jina moja, na katika nyumba nyingi jina hilo ni la baba. Ugomvi wetu wote unaanzia kwenye ujumbe huo. Hatumlaumu benki, chama wala mnunuzi.

Nyumba hii imepima kilo 620. Baada ya makato imeingia shilingi 1,860,000. Hesabu hizi zisibadilishwe siku ya kupiga picha, kwa sababu zimetoshelezana: mtazamaji akisimamisha klipu na kujumlisha, atapata jibu lile lile.

SHOTI YA 1 (0:00–0:07)

Kiganja cha Rashidi, karibu sana. Kioo cha simu kinasomeka: "Umepokea TZS 1,860,000.00". Jina la benki lisionekane. Nje, honi ya pikipiki mara mbili. Kamera inapanda hadi usoni kwake. Anatabasamu, anasimama kutoka kwenye kigoda.

RASHIDI (akipaza sauti kuelekea barabarani): Nakuja, Hamisi! Hela ninayo!

ZAINABU (bado amechuchumaa, anageuza korosho): Hela ipi, Baba Somoe?

SHOTI YA 2 (0:07–0:21)

Wawili ndani ya fremu moja. Yeye amesimama, mkewe yuko chini. Usiikate shoti hii vipande vipande. Tofauti ya urefu wao ndiyo inayosimulia.

RASHIDI: Ya korosho. Nachukua ile pikipiki, milioni na nusu.

ZAINABU: Na palizi? Na mtu wa kupulizia? Somoe anaingia sekondari Januari, hana sare.

RASHIDI: Mama Somoe, akaunti ina jina la nani?

ZAINABU (kimya kidogo): Lako.

RASHIDI: Basi.

Anapiga hatua moja kuondoka. Asipige mbili. Tukimwacha afike mlangoni, itabidi arudi, na hatuna sekunde za kumrudisha.

SHOTI YA 3 (0:21–0:40)

Somoe anaingia kutoka upande wa mizani, daftari mkononi. Hamzuii baba yake njia. Anasimama pembeni kama mtoto aliyetumwa, na anasoma kwa sauti ile ile anayosomea vipimo kila jioni. Asiigize. Mchezaji atakayesoma namba hizi kwa uchungu ataziharibu. Namba zenyewe zina uchungu wa kutosha.

SOMOE: Baba, uliniambia niandike kila anayeokota. (Anasoma.) Baba, kilo 210. Mama, kilo 280. Mimi, 90. Bibi, 40.

Karibu: ukurasa wa daftari. Mistari minne, majina manne, mwandiko wa mtoto. Shikilia sekunde mbili kamili.

Rashidi anageuka. Hamtazami binti wala mkewe, anamtazama mama yake.

RASHIDI (sauti imeshuka): Hata wewe, mama?

BIBI FATU (mikono inaendelea kuchambua): Niliokota nimekaa, mwanangu. Nikimaliza chini ya mti huu, najivuta hadi ule.

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu zaidi nilipokuwa naandika. Katika rasimu ya kwanza Zainabu ndiye aliyekuwa na jibu kali, na wenzangu wa kikundi walipiga makofi. Lakini jibu kali la mke linamfanya mume ajitetee, na mtazamaji anaanza kuchagua upande. Bibi hana anachodai. Hajaomba hata shilingi. Kilo zake 40 ni chache kuliko za wote, na ndizo zinazomrudisha Rashidi. Nawaomba sana, msimpunguzie Bibi sentensi hii hata kama muda utabana. Punguzeni honi.

SHOTI YA 4 (0:40–0:49)

Uso wa Bibi Fatu. Sasa ndipo anapoinua macho, mara moja tu katika mchezo wote.

BIBI FATU: Akaunti ina jina moja, Rashidi. Jasho lina majina manne.

Honi tena, mara moja. Rashidi anaitazama simu, kisha anatazama njia.

RASHIDI (akipaza): Hamisi! Nenda tu, leo sichukui!

Mlio wa pikipiki ukiondoka. Usiweke muziki hapa.

SHOTI YA 5 (0:49–0:58)

Rashidi anakisogeza kigoda pembeni, anakaa chini kwenye ukingo wa turubai. Wote wanne sasa wako usawa mmoja. Anampa Zainabu simu, kioo kikiwa wazi.

RASHIDI: Mama Somoe, tuanze na lipi?

ZAINABU: Sare. Halafu shamba. Kitakachobaki ndicho kianze kununua pikipiki.

Somoe anafungua ukurasa mpya, anaandika. Kata.

MAELEZO YA MANENO NA SAUTI

Maneno yote yanayosemwa yaandikwe chini ya picha, herufi nyeupe zenye kivuli, mistari isizidi miwili. Watu wengi hutazama wakiwa kwenye daladala au msibani, simu imezimwa sauti. Kwa mtu huyo, ukurasa wa daftari na kigoda kinachosogezwa ndivyo vinavyobeba mchezo, kwa hiyo mpiga picha asiviruke.

Fundisho limeshasemwa na Bibi, na linatosha. Hakuna maandishi ya "funzo" mwishoni, hakuna sauti ya mtangazaji. Tumezoea kumfungia mtazamaji mchezo kwa hotuba, na hapo hapo ndipo anapohamia klipu nyingine.

Kiswahili kibaki cha kawaida. Bibi akitaka kumwita mwanawe kwa Kimakonde, aachwe, mradi maandishi ya chini yafafanue.

MAELEZO KWA WATAKAOONGOZA MAZUNGUMZO BAADA YA KUONYESHA

Klipu itaonyeshwa kwenye mkutano wa chama cha msingi kabla ya ajenda ya malipo. Patakuwa na akina baba watakaouliza kama tunawafundisha wake zao kudai. Wajibuni bila kukwepa: Zainabu hakudai hela iwe yake, alidai ipangwe na walioitafuta. Na Rashidi hakunyimwa pikipiki. Pikipiki ni kitu cha maana kijijini. Inapeleka mgonjwa zahanati, inaleta nauli. Kilichobadilika ni mpangilio wa nani anaamua na nini kinatangulia. Mtu anayekosa hela ya palizi na ya kupulizia dawa kwa wakati, ubwiriunga utamla maua, na msimu ujao hiyo pikipiki ataiuza kwa bei ya kutupa.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuweke sheria ndani ya mchezo. Sheria ipo, na iko upande wa Zainabu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini kesi ile ilihusu watu walioachana, na hapa hakuna anayeachana. Ukimtajia Rashidi mahakama kwenye sekunde ya 30, atasikia tishio na ataondoka na pikipiki yake. Anayetaka kuijua kesi hiyo aelezwe kwenye mazungumzo, kwa utulivu, hasa akina mama waliopima kilo kama za Zainabu na hawajawahi kuuona ujumbe wa malipo.

Swali la kuanzia liwe moja: "Nyumbani kwako, nani anaandika kilo?" Waacheni wajibu. Wengi watagundua kwamba hakuna anayeandika, na hapo mwenye kuongoza agawe madaftari yaliyoandaliwa, moja kwa kila kaya, safu tatu tu: tarehe, jina, kilo.

RATIBA YA KUPIGA PICHA

Siku moja inatosha. Shoti ya 3 ipigwe kwanza, wakati Bibi Fatu bado ana nguvu na jua halijashuka. Kisha ya 4, ya 2, ya 1. Shoti ya 5 iwe ya mwisho, baada ya wachezaji kula pamoja, kwa sababu nataka wakae pale kama watu waliozoeana. Honi irekodiwe peke yake, barabarani, mara tatu.

Toleo la kutuma kwa WhatsApp lisizidi megabaiti 10, ili mwenye bando dogo aweze kulifungua. Likiwa tayari, Bibi atazame wa kwanza kabla halijatumwa kwa yeyote.