Kocha, leo protini haijafika. Chakula cha usiku nikipangeje?

Kocha, habari za jioni, pole na kazi. Niko Gerezani nasubiri mwendokasi ya Kimara. Nakuandikia mapema ili ukisema ninunue kitu nikipitie dukani kabla sijaingia ndani.

Leo protini haijafika. Lengo ni gramu 120, na mpaka saa hii kwa hesabu yangu sijafikisha 50. Nakupa yote uone ilipokatikia.

Asubuhi iko sawa: chai ya maziwa, chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha. Hapo nimeandika 25.

Mchana ndipo palipoharibika. Dukani tulikuwa tunashusha mzigo, tumepata nafasi ya kula saa tisa. Kwa mama ntilie kuku ameisha, samaki ameisha, kumebaki wali maharage na mchicha. Na maharage yenyewe yalikuwa ya chini ya sufuria, kibakuli kimejaa mchuzi, ukiziokota punje kwa kijiko hazijai nusu kikombe vizuri. Ile hesabu uliyonipa, kikombe kizima cha maharage yaliyopikwa gramu 15, nimeona nisiitumie kujidanganya. Nimeandika 10 kwa maharage yote hata kama ni nyingi, na wali 5. Yale mayai na mtindi wa saa kumi sikupata, mzigo ulikuwa bado unahesabiwa. Nimekula karanga za kukaanga, kipakiti kidogo, 7. Jumla 47.

Kwa hiyo nadaiwa 73, na kimebaki chakula kimoja tu.

Nyumbani shemeji yako kishanunua vibua, atapika na ugali na tembele. Fungu langu ni vibua viwili. Juzi niliweka kimoja kwenye mizani baada ya kutoa kichwa na miiba, nyama ikaja kama gramu 70. Viwili ni 140, nakadiria protini 33. Ugali na mboga nikiweka 7, nafika 40. Bado 33 zinaning'inia. Kuongeza kibua cha tatu haiwezekani Kocha, samaki wamenunuliwa kwa vichwa vya watu, siwezi kula wa watoto.

Nimewaza njia tatu, wewe ndiye unayejua.

Ya kwanza, mayai matatu ya kuchemsha na glasi ya maziwa. Hapo ni kama 26, siku inaishia 113. Mayai yapo ndani, maziwa nanunua.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi. Kuna dagaa wakavu wa Mwanza jikoni. Nimwombe shemeji yako awatie kwenye tembele, tule wote nyumba nzima. Dagaa kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwa hiyo nikipata gramu 30 kwenye sahani yangu ni kama 15 au zaidi kidogo, na watoto nao wanafaidika. Hapo naongeza mayai mawili na tunakaribia. Swali langu ni kama dagaa na samaki usiku mmoja, pamoja na mafuta ya kukaangia vibua, hautakuwa mzigo tumboni. Au nimwambie vibua avipike mchuzi wa nyanya na ndimu badala ya kukaanga?

Ya tatu ni kuchukua robo kuku pale Kimara kwenye chipsi. Hii siipendi, mafuta yao yanakaangiwa tangu mchana, na ni hela ya mayai ya siku kadhaa.

Sasa nisaidie kwenye haya. Gramu 70 na kitu kwa mkupuo mmoja saa mbili usiku, mwili unazitumia au nasumbua tumbo bure? Ulishaniambia jumla ya siku ndiyo ya kwanza na mgawanyo unafuata, ila sijui kama hata inapolundikana hivi. Ugali nipunguze nipate nafasi, au niuache ulivyo kwa kuwa kesho saa kumi na mbili asubuhi tuna skwati? Mimi naogopa kuingia miguu na tumbo tupu. Na nikiishia 110, ile 10 naihamishia kesho au tunaisamehe?

Halafu tupange kitu kwa siku za mzigo, maana zitarudi. Dukani hakuna friji na kwa joto hili mtindi haufiki mchana. Nafikiria mayai ya kuchemsha yasiyomenywa na kopo la maziwa ya unga nikoroge na maji. Kama una wazo bora zaidi nipe, hili jambo nalitaka lifanikiwe kwa kweli, mapaja yameanza kukaza na nisingependa yarudi nyuma.

Uzito wa leo asubuhi kilo 74.2, usingizi ulikuwa mzuri, goti halijauma.