Saa Tisa za Usiku

Kazi iliyombakia Shabani Jumatatu ile jioni ilikuwa ya mstari mmoja tu, na mwenyewe alilijua hilo. Kikundi cha akina mama wauza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, kilikuwa kimelalamika kwamba ripoti ya mauzo haikubaliani na daftari la mhazini, kwa kuwa mzigo ulionunuliwa baada ya usiku wa manane kwa mitumbwi inayowahi kurudi kutoka ziwani ulihesabiwa katika siku iliyotangulia. Sababu aliiona kabla hajamaliza kusoma malalamiko: programu ilihifadhi nyakati kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu, kwa hiyo kwenye hifadhidata siku mpya ilianza saa tisa za usiku. Ripoti iliyosahihishwa ilitakiwa kesho yake saa mbili asubuhi, kabla kikundi hakijagawana fedha.

Saa tatu usiku, katika chumba chake cha kupanga huko Mwanga, alifungua faili kwa kihariri chake, Neovim, akaona namba za mistari zimefifia mno. Akaona ni vyema kuzikoleza rangi kwanza, maana macho yakichoka mapema kazi huharibika.

Baada ya namba ikafuata `Esc`. Kitufe hicho kiko mbali, pembeni kabisa, naye alikuwa anajua kwamba vi, babu wa Neovim, ilipoandikwa mwaka 1976 mwandishi wake alitumia kibodi ambayo `Esc` yake ilikuwa mahali ilipo `Tab` leo. Haikumwingia akilini kwa nini yeye, aliyezaliwa Ujiji, aendelee kuadhibiwa kwa sababu ya kibodi ambayo hajawahi kuigusa. Akaandika:

```lua
vim.keymap.set("i", "jk", "<Esc>")
vim.opt.timeoutlen = 300
```

Mstari wa pili ulikuja kwa sababu ya wa kwanza, kwani kila alipoandika `j` kihariri kilisubiri sekunde nzima kuona kama `k` inafuata. Alijiridhisha pia kwamba hakuna neno la Kiswahili ambamo herufi hizo mbili hufuatana, ukiacha kifupi cha jina la rais wa awamu ya nne, ambaye hakutarajiwa kutajwa katika ripoti ya dagaa.

Saa sita ilimkuta akipima muda wa kihariri kufunguka kwa `nvim --startuptime muda.log`. Kilikuwa kinatumia milisekunde 180. Akazitoa programu-jalizi mbili, akaichelewesha ya tatu, mpaka zikafika 60. Alifurahi kupita kiasi. Hakupiga hesabu kwamba kwa faida hiyo angehitaji kukifungua mara 30,000 ndipo ajiokolee saa moja, na si rahisi kumlaumu, kwa sababu kazi ya namna hii humlipa mtu papo hapo: unabadilisha, unafungua, unaona. Ripoti ya kikundi ingemlipa kesho, tena baada ya maswali.

Saa tisa ikapita, siku ikabadilika hata kwa UTC, naye yuko katikati ya kulinganisha rangi mbili za kijani.

Saa moja na nusu asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Watu wameshaanza kukusanyika hapa, na daftari ninalo mkononi."

"Nimeamka salama, Mama. Namalizia kidogo tu, naituma sasa hivi."

Alipokifungua kihariri, kilimwonyesha kosa jekundu la `init.lua`, faili lake la mipangilio, kwenye mpangilio alioongeza alfajiri na ambao sasa hakukumbuka ulikuwa wa nini. Akakazana nao kwa dakika tano, akatazama saa, akaandika:

```
nvim --clean ripoti.py
```

Faili likafunguka bila rangi alizochagua, bila `jk`, bila chochote cha usiku ule. Ndani ya ulizo la SQLite akabadilisha `date(wakati)` kuwa `date(wakati, '+3 hours')`, akabonyeza `Esc` kule kule pembeni, akahifadhi, akaendesha ripoti na kuituma. Saa mbili ilikuwa bado dakika nane.

Ujumbe wa mhazini uliingia wakati wa chai. Hesabu zimelingana na daftari hadi shilingi ya mwisho. Akina mama wameisikia sauti yake kwenye simu, wakatambua kwamba kijana hakulala kwa ajili yao, na wamekubaliana kumwongezea shilingi 20,000 za mkesha.

Shabani aliusoma mara mbili. Akaandika kwamba haikuwa lazima, akafuta. Akaandika, "Asanteni sana, mama zangu, kweli ulikuwa usiku mrefu," akatuma, kisha akaifungua `init.lua` kutafuta lile kosa.