Noti za Kuvungia Viazi

Nyanya aliziuza zile daftari kwa nia njema. Mama Zuhura, muuza viazi karai wa pale nyuma ya msikiti, alikuwa akinunua makaratasi kwa kilo, na chini ya kitanda cha Saumu palikuwa na rundo la daftari kuukuu, nyingine hazina hata majalada. Nani angejua kwamba Historia yote, tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, ilikuwa humo? Nyanya alipokea shilingi 80, akanunua nazi na mchicha, na mchana huo nyumba nzima ikala ikashiba.

Saumu aligundua baada ya Isha. Alivuta godoro, akavuta sanduku, akatoa hata viatu vya mdogo wake Idi.

"Nyanya, daftari zangu zi wapi?"

"Zile mbovu mbovu? Nimempa Mama Zuhura avungie viazi. Kwani hujamaliza shule wewe?"

"Sijamaliza, nyanya. Mtihani wenyewe ndio huu unaokuja."

Nyanya alikaa kimya, kisha akasema, "Basi ungenambia," na huo ndio ukawa msamaha wake. Saumu hakumjibu. Angemjibu nini mtu aliyemlea?

Kulipokucha alikwenda kwa Mama Zuhura. Alimkuta anamenya viazi, karai bado haijapata moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Alipoelezwa, Mama Zuhura aliweka kisu chini akajipiga paja. "Ewe Mola wangu! Na jana ilikuwa Ijumaa!" Ijumaa watu hutoka msikitini wana njaa. Alipekua ndani ya katoni akaokota kurasa chache zilizobaki. Moja ilikuwa na sababu za vita vya Majimaji, ya kwanza hadi ya nne. Ya tano na zilizofuata zilikuwa zimekwenda na bajia za mtu. Mama Zuhura alimkabidhi kurasa hizo kwa mikono miwili, kisha akamfungia na viazi, kwenye gazeti.

Nyumbani Saumu alilia kidogo, akanawa uso, akaandika kwenye kundi la wasapu la darasa: "Mwenye noti za Historia, hata kipande, aje nacho kwetu Majengo leo alasiri."

Waliokuja ni watatu. Nuru wa Mji wa Kale alileta mfuko wa risiti. Babake ana duka la vitambaa, na Nuru akiwa kaunta huandika nyuma ya risiti zilizoharibika, maandishi madogo kama ya dawa. Kadzo wa Kisauni alileta daftari moja tu, nayo imejaa michoro: ramani, mishale, jahazi, vichwa vya mada vilivyopigwa mistari miwili, na maelezo hakuna. Rajabu wa Likoni alikuja mikono mitupu, tena amechelewa, kisingizio ni feri.

"Noti zako ziko wapi?" Saumu akamuuliza.

"Mimi niulize tu."

Kadzo akacheka, lakini Rajabu hakuwa anatania. Huyu ni mtoto aliyehifadhi juzuu madrasa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na kitu kikimwingia sikioni hakitoki. Alifumba macho akaanza mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa: Moresby 1822, Hamerton 1845, Frere 1873, kila mmoja na masharti yake, kwa sauti ile ile ya Mwalimu, pamoja na kikohozi chake. Saumu aliandika mpaka mkono ukamuuma. Kadzo akafunua ukurasa wake akamwonyesha kengele aliyoichora. "Hii ni Frere Town, kwetu kule. 1875, walikokaa watumwa walioachwa huru. Sikuandika chochote kwa sababu naiona kila siku."

Mambo yaliharibika walipofika Ngome ya Yesu. Mwaka wa kujengwa hawakukosana, ni Wareno, 1593. Lakini Waomani waliichukua lini? Risiti ya Nuru, ya dera moja na mtandio, ilisema 1698. Mchoro wa Kadzo ulikuwa na jahazi za Waomani na chini yake 1696.

"Umekosea," Nuru akasema. "Mimi nakaa karibu na Ngomeni."

"Kwani kukaa karibu ndiko kulikuonyesha Waomani wakiingia?"

"Niliandika Mwalimu akisema!"

"Na mimi nilichora Mwalimu akisema!"

Idi, aliyekuwa akila vile viazi, aliona hapa pana raha, akasogea. Rajabu alingoja wachoke. Kisha akakohoa kile kikohozi: "Waomani waliizingira Ngome mwezi wa Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Hesabu ya hapo katikati fanyeni wenyewe."

Wakanyamaza, wakahesabu. Karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani ya kuta zile! Saumu alikuwa amezipita kuta hizo mara nyingi asizotaka kuzihesabu, na katika daftari yake aliandika tarehe moja tu, 1698, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Leo ndiyo kwanza akauliza, "Walikuwa wanakula nini?"

Nuru alipekua risiti zake akapata jibu la nusu: ndani kulizuka maradhi yakawaua wengi. Kadzo akachora fuvu pembeni. Saumu akaandika yote mawili, 1696 na 1698, na katikati akaandika "njaa, maradhi", ingawa ile njaa hakuna aliyemsomea, aliiweka mwenyewe.

Reli waliimaliza haraka. Kadzo alikuwa na mwanzo wake, Mombasa 1896, Nuru alikuwa na mwisho wake, Kisumu 1901, na Rajabu akajaza simba wa Tsavo na vibarua wa kutoka Bara Hindi. Kwenye Mekatilili wa Menza wakakwama. Risiti ilikuwa imelowa maji, mchoro ulikuwa mwanamke amenyosha mkono, na Rajabu siku hiyo alikuwa anaumwa na jino, hakwenda shule.

"Mekatilili yupi?" Nyanya aliuliza kutoka jikoni. Tangu jana hakuwa amesema sana. "Yule wa kifudu?"

Alitoka na mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia pale pale barazani. Mamake alikuwa Mgiriama. Alieleza jinsi Mekatilili alivyokuwa akicheza kifudu kutoka kijiji hadi kijiji, watu wakimfuata ngoma, naye akishawakusanya anawaambia wasitoe vijana wao kwa Mzungu. 1913, Nuru akadakiza, mwaka aliukumbuka. Wakamkamata wakampeleka mbali, Kisii, bara kabisa. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu.

Saumu aliandika: "Alitoroka kutoka Kisii akarudi kwa miguu."

"Sasa hapo," Nyanya akauliza, "ukiandika hivyo unapewa ngapi?"

"Alama 1, nyanya."

"Moja! Kutoka Kisii kwa miguu?" Akakuna nazi kwa hasira.

Jua lilipotua faili ilikuwa imenona: karatasi mpya, kurasa zenye mafuta, risiti zilizobandikwa kwa gundi. Mama Zuhura alipita akielekea kibandani, akaitazama, akachomoa shilingi 200 kwenye fundo la leso. "Mkatoe kopi," akasema. "Na mkimaliza, yale yaliyoharibika msinipe mimi." Kutoa kopi ni shilingi 5 ukurasa, kwa hiyo kurasa 40, zilizobaki wachange.

Lakini maduka ya kopi yalikuwa yamefungwa, na Rajabu akawa ameshaikwapua ile faili kwapani.

"Usiku mmoja tu, Saumu. Kesho asubuhi naileta."

Saumu alimshika shati. "Kaa hapo usome. Feri inavuka usiku kucha."