Zawadi za Krismasi: ni za nani, na una shilingi ngapi?

Zawadi nyingi za Desemba huishia juu ya kabati kwa sababu aliyenunua hakuuliza nyumba inayoipokea ina nini. Kabla hujaweka chochote kwenye kapu, piga simu nyumbani uulize mambo matatu: kuna umeme au hakuna, wanapikia kuni, makaa au gesi, na vitanda ni vya futi ngapi. Majibu hayo matatu ndiyo yanayoamua kama zawadi itatumika au la.

Bei zote hapa ni shilingi za Kenya, kufunga zawadi kukiwemo. Nauli ya mzigo inaongezwa mwishoni, kulingana na unakoenda.

MAMA, NYANYA NA MAMA MKWE

*Chini ya 1,000.* Leso ya pamba, doti moja, 850. Fungua picha ya pili ya kila leso ili usome maandishi yake kabla ya kulipa. Kuna leso za kushukuru, za kuombea baraka na za kumtukuza mama, na kuna nyingine ni mafumbo ya kumchoma jirani au mke mwenza. Rangi ikikuvutia ukasahau kusoma, unaweza kumpelekea mama mkwe maneno ya ugomvi mbele ya wageni wote. Zile za shukrani na baraka tumeziweka kwenye ukurasa wake ili usihangaike. Doti hutoka kiwandani vipande viwili vikiwa vimeshikana. Ukiongeza 100 tunaikata na kuipinda pande zote mbili, iwe tayari kuvaliwa. Leso za rangi nzito, hasa nyekundu na nyeusi, hutoa rangi mara ya kwanza, kwa hivyo zifuliwe peke yake kwa maji baridi yenye chumvi kidogo.

Kikapu cha gugu maji kilichosukwa hapa Kisumu ni 700. Kinabeba mboga, mayai na vitambaa vizuri, lakini kikikaa mahali penye unyevu kinaota ukungu. Kikilowa, kikaushiwe kivulini penye upepo.

*1,000 hadi 3,000.* Thamosi ya chuma ya lita 2 ni 1,650, na ya kioo ndani, lita 1.8, ni 1,100. Ya kioo haivumilii safari ya matatu, kwa hiyo tunaiuza kwa wateja wa mjini Kisumu pekee. Ikiwa inaenda Siaya au Busia, chagua ya chuma. Thamosi ya aina yoyote ipashwe kwanza kwa maji moto dakika tano, yamwagwe, ndipo chai iingie. Asipofanya hivyo chai inapoa mapema na lawama inaangukia thamosi.

Sufuria nzito za alumini, seti ya nne pamoja na mifuniko, 2,800. Kubwa ni ya lita 8. Inatosha ugali wa kilo 2 za unga na nafasi ya kusonga bila kumwagika, yaani watu wanane hadi kumi. Nyumba inayopokea wageni wengi zaidi iongezewe ya lita 15, 1,900. Usinunue sufuria nyepesi kwa mtu anayepikia kuni. Chini hubonyea kwa moto mkali, na ugali huungua katikati huku pembeni ukiwa mbichi.

*Zaidi ya 3,000.* Blanketi na shuka, lakini uliza kitanda kwanza. Shuka ya 4 kwa 6 haifiki kwenye kitanda cha 5 kwa 6, na hiyo ndiyo bidhaa tunayobadilisha kuliko zote kila Januari. Blanketi zito (3,400) tunalipendekeza kwa Nakuru, Molo, Kericho, Nandi Hills na Kitale. Kandokando ya ziwa ni la kupamba kochi tu. Kwa Kisumu, Homa Bay na Bondo mpe seti ya shuka mbili za pamba pamoja na neti yenye dawa, 3,200. Neti ikitolewa kwenye mfuko ianikwe kivulini siku moja kabla ya kufungwa juu ya kitanda. Wasiifue kwa dawa ya madoa wala kuianika juani, kwa sababu dawa ya kuua mbu huisha haraka.

BABA NA MZEE WA SHAMBA

*Chini ya 1,000.* Magumbuti ni 950. Agiza saizi moja zaidi ya kiatu chake cha kawaida ili soksi nzito iingie. Mwavuli mkubwa wa mbavu nane ni 800.

*1,000 hadi 3,000.* Redio yenye sola, tochi na sehemu ya betri kubwa, 1,900. Hii ni zawadi nzuri kwa mzee kwa sababu ina njia tatu za kupata moto: jua, betri na umeme. Asipoisikiliza kwa miezi, betri kubwa zitolewe. Zikiachwa ndani huvuja na kula chuma za kuunganishia.

Pampu ya kunyunyizia ya kubeba mgongoni, lita 16, ni 2,600, nasi tunaweka ndani raba za akiba na kichujio cha pili. Ukimnunulia mkulima wa mahindi ambaye pia ana ng'ombe, tafadhali mnunulie mbili, au mwambie waziwazi kwamba pampu ya dawa ya magugu haitumiki kwa kitu kingine. Mabaki ya dawa ya magugu hubaki kwenye mpira na mrija hata baada ya kusuuza, na yataunguza sukuma au nyanya atakazozinyunyizia baadaye. Pampu isiposukuma vizuri, mara nyingi shida ni raba ya pistoni iliyokauka: apake mafuta kidogo ya kupikia kabla ya kufikiria kuibadilisha.

NYUMBA ISIYO NA UMEME

Taa moja ya sola ya kubeba ni 1,200. Seti ya nyumba ni 5,900: paneli ya wati 6, balbu tatu, betri ya lithiamu na sehemu ya kuchaji simu.

Seti hizi zikirudishwa kwetu, kosa huwa mara nyingi kwenye kufunga, si kwenye kifaa. Jambo la kwanza ni kivuli. Tawi la mwembe likifunika robo tu ya paneli, umeme unaoingia unapungua kwa zaidi ya robo, kwa sababu vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfululizo na kilichofunikwa huzuia vingine. La pili ni mwelekeo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo paneli ilale karibu bapa juu ya bati, iinamishwe kidogo tu ili mvua iteremke na vumbi. Kuisimamisha ukutani ni kupoteza jua la mchana. La tatu, siku ya kwanza ichajiwe kuanzia asubuhi hadi jioni kabla balbu yoyote haijawashwa. Zawadi ikifunguliwa usiku wa Krismasi na kuwashwa papo hapo itazimika mapema, na nyumba nzima itaamini ni mbovu. Ndiyo maana tunachaji kila betri kabla ya kuituma.

Waya wake ni mita 5. Ikiwa paa liko mbali na sebule, agiza wa mita 10, nyongeza ya 350.

WATOTO

*Chini ya 1,000.* Mpira wa miguu na pampu ndogo, 900. Saizi 3 ni ya chini ya miaka minane, saizi 4 ya minane hadi kumi na miwili, saizi 5 kuanzia kumi na mitatu. Sindano ya pampu ilowanishwe kwa maji kabla ya kuingizwa. Ikiingia kavu inararua valvu, na mpira unavuja wiki ya kwanza.

Vya kuchezea vyenye betri bapa za duara tunauza vile tu ambavyo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache, hata kumuua. Ikitokea, ni hospitali mara moja bila kusubiri.

*1,000 hadi 3,000.* Viatu. Mwambie aliye naye ampime jioni: mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kikiugusa ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu. Chukua sentimita hizo, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 20 unakupa 32. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu.

*Zaidi ya 3,000: anayeingia bweni Januari.* Sanduku la bati, kufuli ya funguo tatu, ndoo yenye mfuniko, shuka mbili na taulo, 6,800. Mwombe mzazi orodha ya shule kwanza, maana shule nyingine zinataja rangi ya shuka. Ufunguo mmoja ubaki nyumbani. Jina la mwanafunzi tunaliandika kwenye sanduku kwa rangi ya mafuta, bure, ukiagiza kabla ya Desemba 15 ili likauke.

WAFANYAKAZI, MAJIRANI, MWALIMU

*Chini ya 1,000.* Kinyago kidogo au sahani ya mapambo ya jiwe la Kisii kutoka Tabaka, kuanzia 450. Jiwe hilo ni laini, linakwaruzika na kuvunjika likianguka, kwa hiyo tunafunga kila kipande peke yake. Sahani zilizopakwa rangi si za chakula.

*Kapu la Krismasi, 3,900.* Kwa dada wa kazi, mlinzi, au jirani aliyekulindia nyumba mwaka mzima: mchele wa Ahero kilo 5, ngano kilo 4 (chapati hamsini hivi), mafuta lita 3, sukari kilo 2, majani chai gramu 500, sabuni ya mche miwili, chumvi na hamira. Mchele ukiwa wa mavuno mapya hunywa maji machache. Aanze na kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele, aongeze ikibidi. Kapu si badala ya mshahara wa Desemba wala nauli ya kwenda nyumbani.

KUAGIZA NA KUFIKISHA

Mjini Kisumu, kuanzia Kondele, Milimani na Nyalenda hadi Mamboleo, tunapokea maagizo mpaka saa sita mchana Desemba 24. Usafiri ni 150. Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia, Bungoma, Homa Bay na Kisii: mwisho Desemba 21, 300. Nakuru, Eldoret na Kitale: Desemba 20, 400. Mfangano, kwa sababu ya boti: Desemba 18, 600. Wiki ya mwisho magari hujaa na mizigo hulala stendi, kwa hiyo anayeweza aagize kabla ya Jamhuri Dei.

Ukibofya "Lipa", ujumbe wa M-Pesa utatokea kwenye simu yako. Weka PIN kwenye simu yako tu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN. Andika jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwani ofisi ya mizigo itakiomba, na nambari ya simu iwe ya mtu atakayekuwa nyumbani wiki hiyo.

Mitungi ya gesi hatuisafirishi kwa gari la abiria; inauzwa kwa wateja wa Kisumu mjini pekee.

Kilichokosea saizi tunabadilisha hadi Januari 10 kikiwa hakijatumika, nauli ya kurudisha ikiwa juu yako. Kilichofika kimevunjika, tutumie picha siku hiyohiyo kabla hujatupa boksi, nasi tutagharamia kila kitu. Leso iliyokatwa na sanduku lililoandikwa jina havirudishwi.