Sura ya Nne: Daftari la Doyeni

Kila usiku, taa zikikaribia kuzimwa, Doyeni Safari alipita kati ya vitanda na daftari lake mkononi. Aliyeandikwa humo alikuwa "amepiga kelele". Haikulazimu uwe umepiga. Byamungu aliandikwa usiku ambao alikuwa amelazwa kwa malaria, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jina lilifutwa kwa sukari. Kikombe kimoja, mstari mmoja. Asiye na sukari alitoa sambaza wakavu au sabuni, na asiye na chochote alipiga magoti kwenye changarawe nyuma ya bafu mpaka Doyeni ashikwe na usingizi. Alfajiri huyo huyo aliteremka ziwani na bidoni ya lita 20, kwa maana mabomba yalikuwa yakikauka wiki nzima, akapanda nayo mlima wa Muhumba huku magoti yangali na alama za mawe.

Prefe wa shule hakulala internati. Siku zake ziliishia ofisini, kwenye mambo ya minervali na primu za walimu. Watoto aliwaachia Direkta wa disiplini, Direkta naye akamwachia Safari, aliyekuwa mwaka wa mwisho na akijiandaa kwa Egzeta. Tena pointi za konduite zilikuwa mikononi mwa Direkta peke yake. Zikikupungukia unafukuzwa, hata kama hesabu unazipata zote. Ndiyo maana wakubwa waliyaona yote na kugeukia ukutani.

Jumapili hiyo Bahati alikuwa amepokea kopo kutoka Idjwi. Kopo la zamani la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni, limejaa karanga za kusaga. Kifuniko kilikuwa hakikazi tena, hivyo mama yake alikuwa amekifunga kwa kipande cha kitenge chake cha bluu chenye ndege wa manjano, mafundo mawili, jinsi alivyozoea kufunga kila kitu.

"Leta hilo," Safari alisema.

"Yaya Doyeni, nakuomba. Mama alisema linifikishe Pasaka."

"Mama yako ndiye doyeni hapa?"

Bahati alilikumbatia. Safari hakumpiga. Aliandika jina lake mara tano, mstari juu ya mstari, polepole, ili bweni lote lisikie kalamu. Mistari mitano ilikuwa usiku mitano ya changarawe. Usiku wa tatu Bahati alishindwa kusimama, na Byamungu ndiye aliyelitoa kopo sandukuni akalipeleka mwenyewe, akilia kwa hasira.

Alhamisi, Bahati alitumwa kupeleka maji nyumbani kwa Direkta. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mezani, kati ya chupa ya chai na mkate, palikuwa na kopo lililobonyea ubavuni. Mtoto wa Direkta, msichana wa miaka kama minne, alikuwa amejifunga kile kitenge mkononi kama bangili, akilamba kijiko. Chini ya meza kulikuwa na gunia dogo la sukari, na sukari yenyewe ilikuwa ya rangi mbalimbali, nyeupe juu ya kahawia, kama iliyomiminwa humo kikombe kwa kikombe.

Bahati alimimina maji kwenye pipa, akasema asante, akatoka.

Kesho yake, kabla ya bendera kupandishwa, Direkta alimwita mbele ya mistari yote.

"Huyu amemkosea heshima Doyeni. Aombe msamaha, kwa sauti, kila mtu asikie."

Bahati alikuwa na miaka kumi na tatu. Shati lake lilikuwa safi; alilifua usiku.

"Direkta," alisema, "kopo la mama yangu liko mezani kwenu. Na sukari ya wenzangu iko chini ya meza."

Direkta alimshika shingoni. "Leo hii unapanda boti. Usirudi hapa bila mzazi!"

"Mama atakuja, Direkta. Atakitambua kitenge chake."

"Na mimi sukari yangu!" Byamungu alipaza sauti kutoka mstari wa nyuma. Mwingine wa mwaka wa saba akasema, "Na mimi." Kisha msichana wa mwaka wa nane; hakuna aliyejua kwamba bweni la wasichana nalo lilikuwa na daftari lake.

Prefe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, miwani mkononi.

"Direkta, mwachie mtoto shingo."

"Prefe, ni mambo ya disiplini. Nitakuelezea ofisini."

"Utanielezea hapa, wakisikia. Doyeni, lete hilo daftari."

Safari hakusogea. Alimtazama Direkta kwanza, akingoja aambiwe la kufanya, na Prefe akaliona hilo.